King'ora kibovu, moto wa shoti: je, bima wanaweza kukataa kulipa?

"Fremu yangu ya vitambaa Kariakoo iliungua usiku wa tarehe 14 Mei kwa shoti ya umeme, na ripoti ya Zimamoto inasema hivyo hivyo. Kampuni ya bima wamenikatalia. Wanasema king'ora cha wezi kilikuwa kibovu tangu Machi na kwamba hiyo ni waranti. Mwizi hakuingia! King'ora na moto wapi na wapi? Wana haki kweli?"

Dada, pole sana kwa hasara. Wanaweza kuwa na haki, na hoja yako kwamba king'ora na moto havihusiani haitakuokoa ukiitegemea peke yake. Lakini kuandika neno waranti kwenye barua ya kukataa hakutoshi. Kila kitu kinategemea maneno ya kifungu chenyewe, mahali kilipokaa ndani ya hati, na walichofanya wao baada ya kujua kwamba king'ora ni kibovu. Kesi za namna yako zimewahi kushinda, mojawapo ikihusu king'ora cha wezi na moto, kama ya kwako kabisa.

Kwanza uelewe kwa nini sheria haiulizi uhusiano. Waranti kwenye bima haifanani na ile waranti ya friji au simu. Ni ahadi unayoitoa wewe mwenye mali: kwamba jambo fulani lipo, au litafanyika, au halitafanyika, muda wote bima inapoendelea. Kampuni imekubali kubeba hatari yako kwa msingi wa ahadi hiyo. Ahadi ikivunjika, msingi umeondoka, na kampuni inaachiliwa tangu siku ile ile. Hasara ikija baadaye, iwe ya moto, mafuriko au gari kugonga ukuta, mahakama haifiki kwenye swali la chanzo cha hasara, kwa sababu siku hiyo bima ilishakuwa haipo.

Kesi inayotajwa kila mara ni De Hahn dhidi ya Hartley ya mwaka 1786, huko Uingereza. Meli iliyoitwa Juno ilikatiwa bima kwa waranti kwamba iliondoka Liverpool ikiwa na watu 50 au zaidi. Iliondoka na watu 46. Saa chache baadaye, ikiwa bado kwenye pwani ya Wales, iliongeza watu sita, ikawa na 52, na ikaendelea na safari ikiwa na watu wengi kuliko ilivyoahidiwa. Muda mrefu baadaye ilitekwa na adui. Mtoa bima alikuwa ameshalipa, lakini alipojua habari ya wale watu 46 alidai pesa yake na mahakama ikamrudishia. Upungufu wa saa chache haukuwa na uhusiano wowote na kutekwa kwa meli. Haikujalisha. Waranti ilisema "iliondoka na 50", nayo iliondoka na 46.

Kanuni hiyo iliandikwa baadaye kwenye Sheria ya Bima ya Majini ya Uingereza ya 1906. Kifungu cha 33 kilisema waranti lazima itimizwe barabara, iwe ina uzito kwa hatari iliyokatiwa bima au haina, na isipotimizwa kampuni inaachiliwa kuanzia tarehe ya uvunjaji. Kifungu cha 34 kiliongeza kali nyingine: huwezi kujitetea kwamba ulirekebisha kosa kabla ya hasara kutokea. Sheria ile ni ya bima za baharini, lakini mahakama zimeitumia kanuni hiyo hiyo kwenye bima za moto, wizi na magari. Kwetu ilifika kwa mlango wa sheria za Kiingereza zilizopokelewa: Tanganyika kwa zile zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920, Kenya kwa zile za tarehe 12 Agosti 1897.

Utasikia mtu akikwambia kwamba hayo ni ya zamani, siku hizi yamebadilika. Yamebadilika Uingereza. Sheria yao ya Bima ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 12 Agosti 2016, inasema waranti ikivunjwa bima inasitishwa tu kwa muda, mpaka kosa lirekebishwe, na kwamba kampuni haiwezi kujificha nyuma ya sharti ambalo kutotimizwa kwake kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, kwa namna ilivyotokea. Kwa sheria hiyo, king'ora cha wezi na moto wa shoti ungekuwa na hoja nzito mno. Ila ni sheria ya Uingereza. Haiingii kwenye hati ya bima iliyotolewa Dar es Salaam chini ya sheria ya Tanzania, na ukiiweka kwenye barua yako kama silaha kuu watakujibu kwa mstari mmoja. Silaha zako ziko kwingine, na nyingi ziko ndani ya hati yenyewe.

Basi chukua hati nzima mkononi, pamoja na jedwali, nyongeza zote za mkataba na nakala ya fomu ya maombi uliyojaza. Risiti na ile karatasi ya kwanza peke yake havitoshi. Kama hauna nakala kamili, waandikie wakupe. Kisha tafuta kifungu cha king'ora. Kwenye bima za maduka mara nyingi kinasomeka hivi, kwa Kiswahili chake:

"Ni waranti kwamba king'ora cha wezi kilichofungwa dukani kitakuwa katika hali ya kufanya kazi muda wote wa bima hii, kitakaguliwa na fundi wa kampuni iliyokifunga kila baada ya miezi 6, na kitawashwa kila mara duka linapofungwa."

Isome polepole. Hapo kuna ahadi tatu, si moja: kifanye kazi, kikaguliwe, kiwashwe. Unaweza kutimiza mbili ukavunja ya tatu. Tuseme bima yako ilianza tarehe 1 Januari, king'ora kikafa tarehe 10 Machi, moto ukatokea tarehe 14 Mei. Kama kifungu hiki ni waranti halisi na kinagusa hati yote, kampuni iliachiliwa tarehe 10 Machi. Hata kama ungekitengeneza tarehe 1 Mei, wiki mbili kabla ya moto, ungekuwa umechelewa. Ila wizi uliotokea Februari, kama ulikuwepo, bado wanatakiwa kuulipa, maana waranti inakata mbele, hairudi nyuma. Na ada uliyokwisha kulipa kwa kawaida hairudishwi, kwa sababu walishabeba hatari kuanzia Januari mpaka Machi.

Swali la kwanza la kuuliza, na kwa kesi yako naliona ndilo zito kuliko yote, ni hili: kifungu hicho kimekaa wapi? Bima ya duka kwa kawaida ni hati moja yenye sehemu kadhaa. Kuna sehemu ya moto na majanga yanayoambatana nao, sehemu ya wizi wa kuvunja, sehemu ya fedha taslimu, labda na ya vioo au wafanyakazi. Kila sehemu ina kiwango chake cha fidia na mara nyingi ada yake. Kama waranti ya king'ora imeandikwa ndani ya sehemu ya wizi, au kwenye jedwali imewekwa mbele ya mstari wa wizi, hoja yako ni kwamba ahadi hiyo ilitolewa kwa ajili ya bima ya wizi tu. Ikavunjika, ikaua bima ya wizi. Ya moto haikuguswa. Hapo hauombi mahakama ipuuze waranti. Unaiomba iisome palipoandikwa. Kama imekaa kwenye ukurasa wa masharti ya jumla, chini ya maneno kwamba yanahusu sehemu zote, mlango huu umefungwa na unahamia unaofuata.

Na hapo angalia kama kuna kifungu kweli, au kuna jibu tu kwenye fomu ya maombi. Hii ndiyo kesi niliyoitaja mwanzoni: Hussain dhidi ya Brown, Mahakama ya Rufani ya Uingereza, 1996. Fomu iliuliza kama jengo limefungwa king'ora cha wezi, mwenye jengo akajibu ndiyo, na kweli kilikuwepo. Baadaye hakulipa gharama za huduma na kampuni ya king'ora ikasimamisha huduma. Jengo likaungua. Kampuni ya bima ikasema jibu lile lilikuwa waranti ya kuendelea, imevunjwa, kwaheri. Mahakama ikakataa. Swali liliulizwa kwa wakati uliopo, jibu likawa la wakati uliopo. Hakuna mahali mteja alipoahidi kwamba king'ora kitaendelea kufanya kazi. Majaji walisema kampuni ikitaka ahadi ya siku zijazo, yenye adhabu kubwa namna hiyo, iiandike kwa maneno yaliyo wazi. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini ni hoja ya kusikilizwa, na inajengwa juu ya sarufi ya kawaida ambayo hakimu yeyote anaielewa: "kipo" si "kitakuwepo".

Tahadhari moja kuhusu fomu. Kama jibu lako lilikuwa si kweli siku ile uliyolitoa, mambo ni tofauti. Hati nyingi zina sentensi kwamba majibu yote kwenye fomu ndiyo msingi wa mkataba, na sentensi hiyo inageuza kila jibu kuwa waranti, hata lisilo na maana. Mwaka 1922, kwenye kesi ya Dawsons dhidi ya Bonnin, lori liliandikwa kwamba linalala mtaa fulani katikati ya Glasgow, kumbe lilikuwa linalala shambani pembezoni mwa jiji. Jibu lilikosewa kwa bahati mbaya na wala ada isingebadilika. Lori likaungua, na wakakosa fidia. Kwa hiyo kama fomu ilijazwa na wakala wewe ukaweka sahihi tu, isome leo kabla hujaandika barua yoyote.

Mlango mwingine ni kwamba neno waranti halimalizi mjadala. Mahakama huangalia kifungu kinafanya nini. Kuna masharti yanayoeleza tu hatari ambayo kampuni imekubali kuibeba, na hayo yakivunjwa bima inalala, kisha inaamka yakitimizwa tena. Mwaka 1920 mwenye teksi mbili aliandika kwenye fomu kwamba kila gari litafanya zamu moja kwa siku. Moja lilipokuwa gereji, lile jingine lilifanya zamu mbili kwa siku chache. Baadaye likarudi zamu moja, na miezi ikapita kabla ya ajali. Alilipwa. Mwaka 2000, kwenye kesi ya Kler Knitwear, kifungu kilianza kabisa na neno waranti na kilitaka mitambo ya kunyunyiza maji ya kuzimia moto ikaguliwe ndani ya siku 30. Ukaguzi ulichelewa takriban siku 60, na hasara ililetwa na dhoruba, siyo moto. Jaji alisema lile lilikuwa sharti la kusimamisha bima tu, na kulisoma kama waranti ya kuua bima nzima hakupatani na akili ya biashara.

Hapa nikuambie ukweli hata kama hauutaki. Hoja ya kulala na kuamka inamfaa aliyetengeneza kabla ya hasara. Kama king'ora chako kilikuwa bado kibovu usiku wa tarehe 14 Mei, bima ilikuwa bado imelala. Hoja hii itakufaa tu kama fundi alishapita. Tafuta risiti ya fundi, ujumbe wa simu, chochote chenye tarehe.

Na tarehe zenyewe, nani amezithibitisha? Mzigo wa kuthibitisha kwamba waranti ilivunjwa uko kwa kampuni, siyo kwako. Wanatakiwa waonyeshe nini kiliharibika na lini. Kuna tofauti kati ya kitambuzi kimoja cha mlango wa nyuma kutoitika na mtambo mzima kuwa umekufa. Kama vitambuzi vitano vilikuwepo na vinne vilifanya kazi, je, king'ora "hakikuwa katika hali ya kufanya kazi"? Maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni wao. Uliza wamepata wapi habari ya Machi. Mara nyingi inatoka kwa mkadiria hasara aliyemhoji kijana wa dukani asubuhi baada ya moto, naye akajibu "hiki kilikufa zamani, tangu mwezi wa tatu hivi." Maelezo ya namna hiyo yanaweza kuhojiwa. Taarifa ya maandishi ya fundi ina uzito zaidi, kwa faida yako au kwa hasara yako, kwa hiyo usiitoe kabla mwanasheria hajaisoma, na usimwombe fundi abadilishe chochote. Dai lenye karatasi ya uongo linaweza kufa kabisa, hata pale ambapo lingelipwa.

Kuna pia mlango wa kusamehewa. Kampuni ikijua kwamba waranti imevunjwa, kisha ikakufanya uamini kwa maneno au matendo yaliyo wazi kwamba haitaitumia dhidi yako, nawe ukategemea hilo, inaweza kuzuiwa kugeuka. Kunyamaza tu hakutoshi. Kinachotafutwa ni kitu kama hiki: Aprili mkaguzi wao alikuja, akaona king'ora kimekufa, akaandika "kitengenezwe ndani ya siku 60, bima inaendelea." Au ulilipa awamu ya pili ya ada Aprili, wao wakiwa na taarifa yako ya maandishi. Soma pia kila barua waliyokuandikia baada ya moto. Kama wana mstari unaosema haki zao zote zimehifadhiwa, wamejilinda. Kama walikuagiza utumie pesa kwa wahasibu na wathamini kuandaa dai huku wakijua kila kitu na bila mstari huo, weka barua hizo pembeni.

Ila angalia ulimwambia nani. Dalali wa bima, yule anayezunguka kampuni mbalimbali kukutafutia, kwa kawaida ni mtu wako wewe. Kumwambia yeye si kuiambia kampuni. Wakala aliyefungamana na kampuni moja ni wao, kwa mambo aliyopewa mamlaka nayo. Watu wengi wameumia hapo: walitoa taarifa mapema, kwa mtu asiye sahihi.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini barua ya pili ya kampuni huwa inakuja nalo. Mbali na waranti, hati ina masharti ambayo lazima yatimie kwanza ndipo wadaiwe kulipa. Yanatambulika kwa maneno kama "kampuni haitawajibika isipokuwa" au "kutimizwa kwa sharti hili ni jambo la kutangulia wajibu wowote wa kampuni". Wakati mwingine hayako kwenye kifungu chenyewe. Kuna sentensi moja ukurasa wa mwisho inayoyapa masharti yote nguvu hiyo. Tofauti yake na waranti ni kwamba sharti la kufanya dai likivunjwa linaua dai hilo moja, hati inabaki hai.

La kawaida ni la kutoa taarifa. Tuseme linataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 14. Moto ni tarehe 14 Mei. Ulimpigia wakala tarehe 15, akaja akapiga picha, na barua ukaipeleka tarehe 3 Juni. Hiyo ni siku 20. Walikuwa na habari zote tangu siku ya kwanza, hawakuumia kwa lolote, lakini kama siku 14 na maandishi vimefanywa sharti la kutangulia, kutoumia kwao siyo jibu. Mahakama ya Uingereza ilishaamua hivyo mwaka 1985 kwenye kesi ya Pioneer Concrete. Kwa hiyo chimba ushahidi wa maandishi wa zile siku 14 za kwanza: ujumbe wa simu, barua pepe, fomu ya dai yenye mhuri wa kupokelewa. Kwa wenye magari sheria imewawekea kinga watu wa tatu walioumia. Sheria za bima ya magari, Sura ya 405 ya Kenya na Sura ya 169 ya Tanzania, zinazuia kampuni kumnyima majeruhi kwa sababu tu mwenye gari alichelewa kutoa taarifa baada ya ajali. Inamlipa, kisha inaweza kumdai mwenye gari. Duka halina kinga hiyo.

Cha kufanya wiki hii. Usisaini karatasi yoyote ya kumaliza dai, hata ikija na hundi ya "ubinadamu". Andika barua fupi, ipokelewe kwa mhuri, ukiuliza mambo manne tu: kifungu gani hasa na kipo ukurasa na sehemu gani ya hati; wanakihesabu kuwa waranti au sharti la aina nyingine; kilivunjwa tarehe gani na wanathibitishaje; na wakupe nakala za fomu ya maombi na ripoti zote za wakaguzi wao, za kabla na baada ya moto. Usijieleze kuhusu king'ora kwenye barua hiyo. Majibu yao yatawafunga kwenye msimamo mmoja, na hapo ndipo mwanasheria anapata pa kushika. Wasipojibu au wakishikilia, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Waulize kwanza kiwango cha juu cha madai wanachopokea na muda wa kufungua lalamiko, maana mzigo wa vitambaa unaweza kuzidi. Hati nyingi za moto pia zina kifungu kinachohesabu miezi 12 tangu siku ya kukataliwa, kwa hiyo andika tarehe ya barua yao mahali utakapoiona.

Na kama hati hiyo hiyo inabeba stoo yako nyingine, kumbuka wanachokisema: wakiwa sahihi, hauna bima tangu Machi, hata kule stoo ambako hakujaungua kitu. Tengeneza king'ora, waandikie kwamba kimetengenezwa tarehe fulani, na uwaombe wathibitishe kwa maandishi kama bima inaendelea. Wakisema haiendelei, kata nyingine kabla ya kulala leo, na kwenye fomu mpya eleza kwamba umekataliwa dai.